Nauli ya Kwenda Usailini

Kila asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka, Eufrasia Ndalahwa hukaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, huchukua kitonge cha pamba kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga na kuanza kukivuta. Hukibana kwa kidole gumba na cha shahada vya kila mkono, hukiachanisha katikati, nusu moja huitupa, nusu nyingine huivuta tena, taratibu, mpaka nyuzi zibaki zimelala sawa kama nywele zilizochanwa. Kisha huzilaza juu ya paja, kwenye sketi nyeusi, huzitazama, na kutaja namba.

"Thelathini na tatu."

Hakuna aliyemuuliza. Huzipuliza, huinuka na kwenda kutazama chai.

Hiyo ndiyo lugha ya wapanga madaraja ya pamba. Inchi moja wao huigawa sehemu thelathini na mbili, na pamba ya Bariadi ikifika thelathini na tatu au thelathini na nne, mnunuzi wa ng'ambo hafanyi ubishi wa bei. Eufrasia alikuwa amezungumza lugha hiyo kwa miaka kumi na saba katika kiwanda cha kuchambua pamba cha chama cha ushirika. Rula aliitumia mwaka wa kwanza tu. Baada ya hapo macho yalitosha.

Halafu soko likafunguliwa. Kila mwenye mizani na turubai akaruhusiwa kununua pamba, chama kikalemewa, na siku moja wafanyakazi wote wakasomewa majina uwanjani na kuambiwa waende nyumbani. Kiwanda kilikaa kimya misimu miwili, popo wakaingia. Kikakodishwa kwa kampuni ya watu wa Dar es Salaam, nayo ikaleta watu wake, ikachambua msimu mmoja, na mwanzoni mwa mwaka 1998 ikabandika tangazo kwamba inahitaji mpanga madaraja. Eufrasia, aliyeifanya kazi ile ile kwenye chumba kile kile, aliomba kama mgeni.

Barua ya majibu ilifika Jumatatu ya tarehe tisa Februari. Eufrasia aliisoma mara moja, akampa Milembe aisome tena kwa sauti. Milembe alikuwa binti wa kaka yake, amemaliza chuo kikuu mwaka uliopita na anasubiri ajira. Msichana mkimya ambaye alisoma hata karatasi iliyofungiwa sukari, lakini mbele ya watu sauti ilimwisha.

"'Unaitwa kwenye usaili makao makuu, Dar es Salaam, Jumatano tarehe kumi na nane Februari, saa nne asubuhi,'" alisoma Milembe. "'Utajigharamia nauli, chakula na malazi. Thibitisha kufika kwako kupitia redio ya tawi la Bariadi kabla ya Ijumaa tarehe kumi na tatu.'"

"Kazi iko wapi?"

"Bariadi, shangazi."

"Na mimi niko wapi?"

Milembe aliikunja barua.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimebomoa reli, na treni hazikuwa zikitoka. Mabasi ya Mwanza yaliyofika Dar bila kulala njiani siku nne ni yale yaliyozunguka Kenya, yakapita Nairobi na kurudi nchini upande wa Arusha, na abiria alitakiwa hati ya kuvuka mpaka na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwenda, kurudi, hati, chanjo, na mahali pa kulala siku mbili: Eufrasia alijumlisha akilini huku akipepeta mchele, na jumla ikawa zaidi ya mshahara wa miezi miwili wa kazi yenyewe. Alikuwa mjane. Alibakiwa na mtamba mmoja zizini kwa kaka yake, na kaka yake, Bujiku, alipopata habari alisema neno moja tu.

"Uza."

"Niuze ng'ombe nikaulizwe maswali?"

"Wenzako wanauza."

"Na wakiniuliza wakaninyima, nitarudi na nini? Na tiketi?"

Bujiku alitema mate pembeni. "Basi kaa na mtamba wako, mvutiane nyuzi."

Jioni ile ile, jua likiwa bado juu, Eufrasia alimwita Milembe aje na kalamu. Milembe aliandika rasimu ya kwanza kwa mwandiko mzuri sana. Ilianza: "Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa, mimi mtumishi wenu mnyonge..." Eufrasia alisikiliza mpaka hapo akanyoosha mkono.

"Mnyonge futa. Wakishaniita mnyonge watanilipa mshahara wa mnyonge. Anza na kwamba naitaka kazi na nashukuru kuitwa, mstari mmoja. Kisha waambie njia ilivyo. Kisha mambo matatu, la kwanza likikataliwa wanakwenda la pili."

Barua ya pili ilikuwa fupi. Ilisema anaitaka kazi na yuko tayari kusailiwa siku ile ile na saa ile ile waliyopanga. Ilisema treni hazitoki, na ikataja nauli ya basi linalopita Nairobi pamoja na hati. Ikaomba moja kati ya haya: kampuni imlipie nauli au nusu yake, au impe nafasi kwenye gari lake lolote liendalo Dar, apunguze gharama, au imsaili akiwa hapa hapa Bariadi, kwa redio ya tawi. Mwisho ikaomba ajibiwe kabla ya Ijumaa, ili akikosa yote ajue mapema la kufanya.

"Kwa redio, shangazi?" Milembe aliuliza, kalamu ikiwa hewani.

"Andika."

Asubuhi ya Jumanne walikwenda kiwandani. Mkuu wa tawi alikuwa Constantine, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Zamani, enzi za ushirika, Constantine alikuwa karani wa mizani, na Eufrasia aliwahi kumrudishia marobota sita kwa siku moja kwa sababu pamba ilimwagiwa maji ili iongezeke uzito. Marobota yale yalifunguliwa mbele ya wafanyakazi wote. Miaka tisa ilikuwa imepita. Kampuni ilikuwa imemchukua Constantine, msimu uliopita akapanga madaraja yeye mwenyewe, na sasa alikuwa na meza, kiti cha kuzunguka na kalamu tatu mfukoni.

"Mwangaluka, Constantine."

"Bwana Constantine," alisema yeye. "Hapa ni ofisini, mama."

"Mwangaluka, Bwana Constantine. Nimeleta barua ya Dar."

Alisoma huku akitabasamu, na kadiri alivyosoma ndivyo tabasamu lilivyozidi kuwa baya. "Ulipiwe nauli. Kwani unaolewa? Mwenye shida na kazi hutafuta nauli, mama. Hii siipeleki."

"Si ya kupelekwa na wewe. Barua ya wito inasema nithibitishe kwa redio ya tawi. Nimekuja kuthibitisha."

"Basi thibitisha. Unakuja au huji. Maneno mawili, mchezo umekwisha."

"Maneno yangu yapo hapa. Yako ukurasa mmoja."

Constantine alimtazama Milembe, ambaye alitazama sakafu. "Na huyu ndiye msomi aliyekuandikia? Chuo kikuu kinafundisha kuombaomba siku hizi?"

Masikio ya Milembe yalipata moto. Eufrasia aliichukua barua kutoka mezani, akatoka, akavuka uwanja hadi chumba cha redio. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano, na saa nne ndipo Dar ilipoita vituo vyote.

Mwendesha redio, Marcelo, alikuwa mtu mzima mwenye koti la mvua asilolivua hata jua likiwaka. Alisoma barua ya wito, akasoma na ya Eufrasia, akakuna kidevu.

"Imeandikwa 'kupitia redio ya tawi'. Mimi ndiye redio ya tawi," alisema. "Lakini mama, unajua hii si simu. Ukisema hapa, kituo cha Mwandoya kinasikia, cha Mwamapalala kinasikia. Hata mlinzi anasikia."

"Wasikie."

Redio ilikoroma, ikapiga mluzi, kisha sauti ya mwanamke ikatoka, kavu kama karatasi. "Vituo vyote, Dar hapa. Bariadi, una nini? Ova."

"Dar, Bariadi hapa. Nina mwombaji wa usaili wa tarehe kumi na nane, anathibitisha. Ana ujumbe. Ova."

Akamsogezea Eufrasia kipaza sauti na kumwonyesha kitufe. Eufrasia akasoma barua yake yote bila kutetemeka, akamaliza, akasahau kusema ova, neno la kumwachia mwenzake zamu. Marcelo alimkumbusha kwa kidole.

"Ova," alisema.

Kabla Dar haijajibu, sauti ya kiume ikaingia kwa kicheko. "Mwandoya hapa! Mama, ukilipiwa nauli uniletee halua! Ova!"

"Mwandoya, toka hewani," ilisema sauti kavu. "Bariadi, hapa ni Bi. Philomena wa Utumishi. Mwombaji, kampuni hailipi nauli ya usaili. Imeandikwa kwenye wito. Hujui kusoma? Ova."

"Najua. Ndiyo maana nimeandika kuomba. Kama si yote, nusu. Ova."

"Hapa si gulioni. Nina waombaji watano wanaokuja kwa nauli zao, mmoja anatoka Tabora. Wewe una nini cha zaidi? Ova."

"Wao sijui walivyo. Gari la kampuni je? Ova."

"Gari la kampuni ni la mizigo. Likianguka na wewe, nani atalipa? Hapana. Ova."

Constantine alikuwa ameshafika mlangoni, ameegemea fremu, mikono kifuani. Alikuwa akifurahi waziwazi.

"Basi, ombi la tatu," alisema Eufrasia. "Nisailiweni nikiwa hapa. Ova."

Mara hii hata Dar ilicheka, kicheko kifupi kilichokatwa na mluzi. "Mpanga madaraja! Utapanga pamba kwa mdomo? Usaili wenu si wa maswali peke yake, ni wa mikono. Mtaalamu wetu anawawekea sampuli mezani mbele yake, mnazivuta anaona. Sasa yeye ataona nini kwenye redio? Ova."

Eufrasia alisubiri mpaka mkoromo ukapungua. Hili alikuwa amelifikiria tangu akipepeta mchele.

"Bi. Philomena, kila robota linalofungwa hapa hukatwa sampuli. Sampuli hugawanywa mara mbili. Nusu hubaki Bariadi, nusu inakuja kwenu Dar, na zote zina namba ya robota. Nusu za msimu uliopita zipo hapa stoo, na ndugu zake mnazo. Mtaalamu wenu achague namba yoyote asiyoniambia mapema. Mimi nafungua nusu ya hapa, namwambia daraja na urefu. Yeye ana nusu yake mkononi. Nikikosea atajua palepale. Ova."

Hakuna aliyecheka. Kutoka mahali fulani sauti ya mwanamume mzee, mbali na kipaza sauti, ilisikika ikisema, "Huyo anajua anachosema," na Bi. Philomena akimwambia, "Bwana Shija, tafadhali."

Kisha akarudi hewani. "Mwombaji, nijibu moja kwa moja. Tukikataa hili nalo, unakuja au huji? Ova."

Marcelo alimtazama Eufrasia. Constantine aliinua nyusi.

"Nikishajibiwa, nami nitajibu," alisema Eufrasia. "Ijumaa haijafika. Ova."

"Una kiburi, mama. Ova na kwisha."

Walipotoka, Constantine aliwafuata hadi uwanjani. "Umeniaibisha mbele ya makao makuu."

"Sikukutaja."

"Umetaja sampuli zangu."

"Ni za kampuni," alisema Eufrasia, akaendelea kutembea.

Habari ilifika nyumbani kabla yao. Bujiku alikuwa amekaa uani anawasubiri, na alicheka mpaka akakohoa. "Wamekukatalia hewani, wilaya nzima imesikia! Watu wa kule Migato wamekwishaanza kuigiza. 'Nusu, kama si yote! Ova!'"

"Bado la tatu halijakataliwa."

"Litakataliwa."

Siku mbili zile Eufrasia hakulala vizuri, na mchana alikuwa mkali kwa kila mtu. Alimgombeza muuza maziwa, akamrudishia jirani chumvi yake akidai ni pungufu. Milembe alijifungia na vitabu.

Alhamisi saa nne walikuwa kwenye chumba cha redio tena. Bi. Philomena hakusalimia.

"Bariadi, andika. Mwombaji Eufrasia Ndalahwa atasailiwa kwa redio tarehe kumi na nane saa nne, muda ule ule wa wenzake. Masharti. Moja: sampuli tatu, zitatajwa hapo hapo. Wenzake watapewa kumi na wanaruhusiwa kukosea mbili. Yeye haruhusiwi kukosea hata moja. Mbili: mkuu wa tawi ndiye atakayetoa sampuli stoo na kuwa shahidi. Tatu: redio ikikatika, usaili umekwisha na hana wa kumlalamikia. Anakubali? Ova."

"Kwa nini wenzangu wakosee mbili na mimi nisikosee?" Eufrasia aliuliza.

"Kwa sababu wenzako wamelipa nauli. Ova."

Aliuma mdomo wa chini. Marcelo alisogeza kipaza sauti karibu kidogo.

"Nakubali. Ova."

Jumatano ile mawingu yalikuwa mepesi, mwanga mweupe uliotulia, mwanga ambao mpanga madaraja yeyote angeuomba. Lakini Constantine alikuwa ameweka meza ndogo ndani ya chumba cha redio, chini ya balbu ya rangi ya njano.

"Kaa hapo," alisema.

"Kwenye balbu pamba yote ni ya njano. Naihamishia barazani."

"Masharti hayajataja baraza."

"Wala hayajataja balbu." Alikwishainua upande mmoja wa meza. Hakuna aliyemsaidia mpaka Milembe, macho chini kwa aibu ya kutazamwa na vibarua wote waliokusanyika, akashika upande wa pili. Marcelo akafungua dirisha na kupitisha kipaza sauti nje, waya ukiwa umenyooka kabisa.

"Bariadi, Dar hapa." Safari hii ilikuwa sauti ya yule mzee. "Shija, mpanga madaraja mkuu. Bi. Philomena yupo pembeni yangu. Mama, uko tayari? Ova."

"Niko tayari. Ova."

"Namba mia mbili na tatu. Ova."

Constantine alikwenda stoo, akarudi na furushi la karatasi ya kaki. Eufrasia alisoma namba kwa sauti, akafungua, akaikung'uta pamba kidogo, akaitazama upande huu na ule. Kisha akavuta. Vibarua walisogea. Alilaza nyuzi juu ya paja.

"Daraja la kwanza. Thelathini na nne. Nyeupe, majani machache sana. Ova."

"Sawa. Mia tano na sitini. Ova."

La pili lilimchukua muda. Alivuta mara tatu, akatupa, akavuta tena. Mwandoya alishindwa kujizuia. "Mama, au tukuletee rula? Ova!"

"Mwandoya!" alifoka Bi. Philomena.

"Daraja la pili," alisema Eufrasia. "Thelathini na tatu. Ina vipande vya mbegu zilizovunjika. Roli za mashine hiyo zilikuwa zimelegea siku hiyo. Ova."

"Sawa," alisema Shija. "Na mashine nilishauliza, ni kweli. La mwisho. Mia nne kumi na nane. Ova."

Constantine hakuondoka. Alisimama pale amekunja shingo.

"Bariadi, mmesikia? Mia nne kumi na nane. Ova."

"Stoo kuna panya," alisema Constantine kwa sauti ya chini. "Hiyo huenda haipo."

"Ukaitafute," alisema Marcelo kutoka dirishani. "Kitufe kiko chini, bwana. Unasikika."

Alikwenda. Alichelewa. Aliporudi alilitupa furushi mezani badala ya kuliweka. Eufrasia alisoma namba. Kwenye karatasi, kwa mwandiko wa Constantine mwenyewe, palikuwa pameandikwa: Daraja la Kwanza.

Alifungua. Harufu ilimfikia kabla ya rangi. Alichukua kitonge, akakibonyeza, akakiachia. Hakikufumuka kama pamba inavyofumuka. Katikati palikuwa na mkanda wa njano uliofifia. Alijua alichoshika, na alijua kilichoandikwa. Akisema alichoandika mkuu wa tawi, shahidi wake angetikisa kichwa na kutabasamu, na huenda hata Dar ilikuwa na maandishi hayo hayo mezani. Akisema alichokiona, na huko wakaegemea karatasi, alikuwa amekosea moja, na moja ndiyo iliyotosha.

"Soma," alinong'ona Constantine. "Imeshaandikwa, mama. Usijitie wazimu."

Eufrasia alivuta. Nyuzi zilikatika mapema, fupi na ndefu pamoja. Alizilaza, akazitazama, akainua uso kwenye kipaza sauti.

"Karatasi ya hapa imeandikwa daraja la kwanza. Pamba yenyewe ni daraja la tatu. Thelathini na moja, na nyingine hazifiki. Robota hili lilifungwa likiwa na maji. Ova."

Mtu fulani kati ya vibarua alisema, "Yalaa." Constantine alikuwa amegeuka amewapa mgongo.

Redio ilikoroma, ikapiga mluzi mrefu, ikanyamaza kabisa. Eufrasia alikumbuka sharti la tatu. Marcelo alizungusha kitufe, akapiga sanduku kwa kiganja, akazungusha tena.

"...Bariadi, mnanisikia? Narudia." Ilikuwa sauti ya Shija. "Mia nne kumi na nane ni daraja la tatu. Mnunuzi alilirudisha robota hilo mwezi wa kumi na mbili na tukalipa hasara. Nimelichagua makusudi, nione kama atasoma pamba au atasoma karatasi. Zote tatu alizozitaja ni sawa. Sina swali lingine. Ova."

Alisikika Bi. Philomena akisema jambo kwa ukali, na Shija akimjibu, "Andika alichostahili." Kisha akarudi yeye mwenyewe, sauti kavu kuliko siku ya kwanza.

"Mwombaji, umefaulu. Wenzako watatu kati ya watano wameshindwa kufika kwa sababu ya njia, na wawili waliofika wamekosea zaidi ya mbili. Mkataba utatumwa kwa kifurushi cha Ijumaa ijayo, utasaini huko huko. Usitegemee kila kitu kifanyike namna hii. Bwana Constantine, leo jioni nataka orodha ya marobota yote uliyoyapanga wewe. Ova."

"Dar, Mwandoya hapa," iliingia sauti ile ile, safari hii kwa adabu. "Hapa kuna kijana aliyeitwa usaili wa mizani mwezi ujao. Anauliza kama na yeye anaweza kwa redio. Ova."

"Ova na kwisha!" alisema Bi. Philomena, na hewa ikabaki na mkoromo.

Constantine aliwasubiri njiani kuelekea geti. Hakuwa na tabasamu lolote. "Bado mimi ni mkuu hapa. Utafanya kazi chini yangu, chumba chako kitakuwa kile cha nyuma kisicho na dirisha, na nitakuhesabia kila dakika."

"Nitahitaji dirisha," alisema Eufrasia. "Nitaandika barua."

Walitoka getini. Barabara ilikuwa tope tupu. Walishika viatu mkononi na kutembea pembeni kwenye majani. Wanawake wawili waliokuwa wakirudi sokoni waliwasalimu, "Mwadila, mayu," na mmoja akaongeza kwa kejeli, "Ova!" Eufrasia aliitikia salamu, akaliacha hilo lingine.

Walitembea kitambo. Milembe aliposhindwa kujizuia alisimama katikati ya majani, viatu vikimning'inia kidoleni.

"Shangazi, wangekataa yote matatu, ungekwenda?"

"Ningekwenda," alisema Eufrasia.